Picha haina jina wala tarehe? Geuza nyuma kwanza, kisha soma koti na nywele

Karibu kila boma Kenya lina ule mkebe. Wakati mwingine ni wa biskuti, wakati mwingine ni bahasha kuukuu chini ya godoro la shosho, na ndani yake kuna picha za watu ambao hakuna mtu anawajua tena. Nyuma hakuna jina wala mwaka. Kila mtu anasema "huyo lazima awe fulani" kwa sababu ya pua tu.

Kwa familia ya rafiki yangu mmoja, hilo swali halikuwa la kupitisha wakati. Shosho yake alikuwa ameaga na kijitabu cha mazishi kilifaa kufika kwa mchapishaji baada ya siku tatu. Baba ya rafiki yangu alizaliwa 1955. Babake mzazi, yaani guka, alifariki 1957 wakati wa Hali ya Hatari, kwa hivyo huyu mzee wa miaka sabini hajawahi kujua sura ya babake. Picha moja ilipatikana kwenye mkebe: mwanamume kijana amesimama, mwanamke ameketi, mtoto kwenye mapaja. Nusu ya familia ikasema, hatimaye, huyu ndiye guka, na mtoto ni mzee wetu mwenyewe. Anti mmoja akakataa katakata. Akasema huyo ni ndugu mdogo wa guka, na yule mwanamke si shosho hata kidogo.

Sasa utaweka picha gani kwenye kijitabu na uandike jina la nani?

Mimi si mwanahistoria, na chuo chenyewe sikumaliza. Lakini nimekuwa nikisoma picha za kale kwa muda sasa, na kuna mzee mmoja aliyefanya kazi ya kusafisha picha katika chumba cha giza hapa Nairobi tangu ujana wake, ambaye huwa namsumbua na maswali. Tulimpelekea. Alinishika mkono kabla hata sijafungua mdomo. "Kijana, wacha kuangalia sura. Sura itakudanganya kwa sababu unataka iwe ya mtu fulani. Geuza."

Nitakuonyesha alivyofanya, hatua kwa hatua, ndio nawe ukirudi kwa mkebe wenu usianze na pua.

Karatasi inasema mengi kuliko mtu

Kitu cha kwanza ni kujua picha imechapwa kwa karatasi ya aina gani. Picha nyingi za rangi nyeusi na nyeupe ambazo zimebaki katika familia za Kenya ni za chembe za fedha, fedha ile ya madini, zilizoshikiliwa ndani ya tabaka la jelatini juu ya karatasi. Ukiinamisha picha ya aina hii kwenye mwanga wa dirisha, mara nyingi utaona sehemu nyeusi, hasa karibu na kingo, ziking'aa kibuluu kama sufuria mpya. Hiyo ni fedha yenyewe imepanda juu kutokana na unyevu na hewa chafu ya miaka mingi.

Chini ya hiyo jelatini kuna mojawapo ya vitu viwili. Karatasi ya kitambo ni karatasi tupu, nene kiasi, ambayo hujikunja kama jani likikauka. Pembe yake ikichakaa, inafumuka nyuzinyuzi kama pamba. Karatasi ya baadaye imepakwa plastiki pande zote mbili. Hiyo hulala bapa, nyuma yake ni laini na inateleza kidogo, na pembe ikichakaa inaachana kama kadi iliyolowa: plastiki, karatasi, plastiki. Usipasue chochote ili kujua. Tafuta pembe ambayo tayari imeumia na uiangalie kwa kioo cha kukuza, au vuta karibu kwa kamera ya simu.

Karatasi ya plastiki kwa picha nyeusi na nyeupe iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hivyo ukipata plastiki, uchapaji huo hauwezi kuwa wa 1955, hata nani aape vipi. Lakini chunga hapa, kwa sababu kinyume chake si kweli. Karatasi tupu haimaanishi picha ni ya kabla ya 1970. Studio ziliendelea kutumia karatasi hiyo, na hata leo kuna wasanii wanaoinunua.

Shika hilo, kwa sababu ndilo jambo la maana kuliko yote kwenye hii stori. Karibu kila ushahidi utakaoupata kwenye picha hufunga mlango mmoja tu. Unakuambia "si kabla ya hapa". Haukuambii "si baada ya hapa". Mlango wa pili itabidi uufunge kwa njia nyingine, na nitafika huko.

Picha yetu ya watu watatu ilikuwa ya karatasi tupu, ya ukubwa wa postikadi, yenye mpaka mweupe na kingo za menomeno kama zimekatwa na panya mwenye nidhamu. Kingo za aina hiyo zilipendwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1960 na kitu. Hiyo haitupeleki mbali. Ndugu wote wawili bado wako ndani.

Nyuma hapakuwa na chapa. Zenu zikiwa nayo, isome kwa makini, kwa sababu makampuni yalipiga jina lao nyuma ya karatasi. Mfano mzuri ni AGFA-GEVAERT. Agfa ya Ujerumani na Gevaert ya Ubelgiji ziliungana 1964. Karatasi yenye majina yote mawili pamoja haiwezi kuwa ya Hali ya Hatari, full stop kama vile mwalimu wa kiingereza angesema: nukta.

Ile taa ya kukagua noti feki

Hapa ndipo mzee alinishangaza. Alitoa taa ndogo ya zambarau, ile ile ambayo keshia wa duka huitumia kuangalia kama noti ya elfu ni ya ukweli. Akazima stima, akafunga pazia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, watengenezaji wa karatasi za picha walianza kuchanganya kemikali za kung'arisha, ndugu za zile zinazowekwa kwenye sabuni ya unga ili shati jeupe lionekane jeupe zaidi. Kemikali hizo zikimulikwa na mwanga huo wa zambarau hung'aa buluu-nyeupe. Jaribu na karatasi mpya ya kawaida ya kuchapia na utaona: inawaka kama nguo nyeupe kwenye klabu. Karatasi ya picha ya miaka ya 1930 au 1940 haiwaki hivyo. Inabaki hafifu, rangi ya maziwa ya zamani.

Mulika mpaka mweupe wa mbele, halafu mulika nyuma. Ikiwaka sawasawa kila mahali, karatasi hiyo ni ya kuanzia miaka ya 1950. Ikiwaka kwa madoa tu, shuku. Huenda kuna mtu aliifuta na kitambaa chenye sabuni, au iliwahi kubandikwa na gundi. Na isipowaka kabisa, usikimbie kusema ni ya kabla ya 1950, kwa sababu si karatasi zote zilizowahi kuwekwa hizo kemikali. Mlango mmoja tu, unakumbuka? Na usijimulike machoni na hiyo taa.

Ya kwetu iliwaka, mbele na nyuma, bila madoa. Kwa hivyo ni ya kuanzia 1950 hivi. Upande wa guka ukashangilia. Kuanzia 1950 hadi kifo chake 1957 kuna nafasi ya kutosha, na mtoto wa 1955 anaingia vizuri kabisa.

Mzee hakushangilia. Alisema tu, "Sasa ndio tunaweza kuwaangalia hao watu."

Koti linaweza kuwa la kuazima

Tuanze na mwanamume, kwa sababu ndiye kila mtu alikuwa anamtazama. Koti lake lilikuwa na kola nyembamba kifuani, tai nyembamba kama mkanda wa saa, suruali inayobana kuelekea chini na viatu vilivyochongoka.

Kola ya koti na tai hutembea pamoja kama marafiki wa utotoni. Miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 zilikuwa pana, mabega yamejazwa, suruali pana zenye pindo lililokunjwa nje. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 zikaanza kupungua, na kufikia mapema miaka ya 1960 zilikuwa nyembamba kabisa. Tafuta picha za viongozi wetu wa wakati wa Uhuru, 1963, utaona tai hizo. Halafu mwisho wa miaka ya 1960 zikaanza kupanuka tena, hadi zikafika zile kola za miaka ya 1970 ambazo ungepaa nazo upepo ukivuma, pamoja na suruali zinazofagia barabara.

Kwa hivyo koti la huyu msee lilikuwa linanong'ona 1960 na kitu. Lakini mzee alikataa kuliamini. Studio nyingi ziliweka koti moja au mawili na tai ukutani kwa ajili ya wateja. Unaingia na shati la kazini, unatoka kwenye picha kama karani wa benki. Ukiona mikono ya koti imefika kwenye vidole, au bega limeanguka, huenda hilo koti limevaliwa na nusu ya mtaa. La huyu lilikuwa linamzidi kidogo. Kwa hivyo koti lilituambia studio ilinunua koti lini. Kuhusu mwenye kulivaa, tulishika zaidi suruali na viatu, kwa sababu hivyo havikuwa rahisi kuazima. Navyo vilikuwa vya mtindo uleule wa miaka ya 1960.

Nywele zake zilikuwa fupi, na laini iliyokatwa na wembe upande mmoja. Unaijua, ile njia kama ya Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961. Ni mtindo wa kupendeza lakini haukusaidii sana, kwa sababu wanaume wa Afrika Mashariki waliuvaa kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960. Ungeweza kukaa kwa ndugu mkubwa na kwa ndugu mdogo pia. Kama angekuwa na afro, mjadala ungeisha hapo hapo: afro kubwa ni ya mwisho wa 1960 na ya miaka ya 1970, na wakati huo guka alishaondoka zaidi ya mwaka kumi.

Hapa kuna kanuni moja ya kushika. Katika picha yoyote yenye watu kadhaa, msikilize zaidi kijana aliyevaa vizuri kuliko wote. Wazee huvaa walichokizoea. Mzee wa miaka sitini mwaka 1965 anaweza kuwa na koti la 1945, na hilo halimaanishi picha ni ya 1945. Lakini hakuna mtu mwenye gauni ambalo bado halijabuniwa. Nguo mpya kuliko zote ndani ya picha ndiyo inayofunga mlango.

Gauni ndilo lililoongea

Na nguo mpya kuliko zote ilikuwa ya mwanamke, ambaye hakuna mtu alikuwa amemwangalia vizuri.

Kwanza, gauni. Mtindo wa miaka ya 1950, ule uliofika kwenye mashine za mafundi wa Nairobi, Nakuru au Nyeri, ulikuwa wa kiuno kilichobanwa na sketi iliyotanuka, ikishuka hadi nusu ya muundi. Huyu alikuwa amevaa kitu tofauti kabisa. Gauni lake lilishuka moja kwa moja kutoka bega hadi chini, bila kiuno, bila mikono, na alipoketi magoti yote mawili yalikuwa nje. Si mini kamili ya mwisho wa miaka ya 1960, ile ambayo ilifanya hadi majirani zetu Tanzania wakaanzisha Operesheni Vijana kuipiga marufuku kuanzia Januari 1969. Lakini ilikuwa njiani kuelekea huko.

Gauni lililonyooka hivyo, fupi hivyo, kwa mama mwenye mtoto aliyeenda studio akijiheshimu, halikai katika 1956. Fikiria pia mwaka wenyewe. Kati mwa Kenya, 1956, wanawake wengi walikuwa wamehamishiwa vijiji vya kulazimishwa vyenye mitaro na amri ya kutotoka nje. Nguo ya mtindo wa mjini ilikuwa kitu cha mbali sana.

Pili, nywele. Kichwa kilikuwa wazi, bila kitambaa, na nywele zilikuwa zimenyooshwa, pengine kwa kichana cha moto, kisha zikainuliwa juu na kurudishwa nyuma kama keki. Huo urefu wa kwenda juu ni mtindo wa miaka ya 1960. Ukiunganisha gauni, nywele na viatu vya mwanamume, kila kimoja kikiwa na sauti yake, vyote vinakutana mahali pamoja: kati ya 1963 na 1969 hivi.

Ona vile nilivyosema "hivi". Mtindo hauna tarehe ya kuanza kama sheria. Unaanzia mahali, unasafiri kwa majarida na sinema, unafika mjini, halafu mwaka mmoja au mitatu baadaye unafika kwa fundi wa soko la kijijini. Ndiyo maana mtu mwenye busara huandika kipindi cha miaka mitano au saba. Akikuambia "hii ni Machi 1966" kwa kuangalia gauni tu, huyo anakuuzia hewa.

Hata hivyo, kwa swali letu, hiyo miaka saba ilitosha. Guka alifariki 1957. Mwanamume kwenye picha si yeye.

Mlango wa pili hufungwa na watu

Karatasi ilifunga mlango wa nyuma, na nguo zikaufunga zaidi. Lakini hakuna kitu kwenye picha kinachozuia mtu kuvaa gauni la 1965 katika 1974. Hapo ndipo unahitaji familia: nani alikuwa hai, nani alizaliwa lini, nani alikuwa na umri gani.

Tatizo ni kwamba wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Unazitafuta kwa kuzunguka. Katika familia hii watu walikumbuka tohara. Ndugu mkubwa alitahiriwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuisha 1945. Ndugu mdogo alitahiriwa wakati Hali ya Hatari ilikuwa tayari imetangazwa, na hiyo ilitangazwa Oktoba 1952. Ukikadiria umri wa ujana mwanzo-mwanzo, mkubwa alizaliwa karibu na 1928 na mdogo karibu na 1940. Unaweza kukosea kwa miaka miwili au mitatu huku na kule, na bado hesabu inasimama.

Sasa weka kwenye kipindi chetu. Kati ya 1963 na 1969 ndugu mdogo alikuwa na miaka kati ya 23 na 29. Mwanamume wa kwenye picha anaonekana wa miaka ishirini na kitu. Anaingia bila kusukumwa.

Halafu mtoto. Ameketi mwenyewe kwenye mapaja, shingo imara, viatu vidogo miguuni, bila dalili kwamba amefika miaka miwili. Tuseme mwaka mmoja hivi. Anti alithibitisha kwamba kifungua mimba wa huyo ndugu mdogo alizaliwa 1965, na wa pili 1968. Kama ni wa kwanza, picha ni ya 1966. Kama ni wa pili, ni ya 1969, ingawa hapo ungetarajia mkubwa wa miaka minne awe amesimama karibu, kwani kulipia studio halafu umwache mtoto mmoja nyumbani si kawaida sana. Si kawaida, lakini hutokea. Kwa hivyo tuliandika 1966 kwanza, 1969 pili.

Jambo moja la kutega sikio: tulimuuliza anti akiwa peke yake, na tulimuuliza kabla ya kumwambia gauni limesema nini. Ukikusanya wazee sebuleni na kuwauliza "huyu si ni guka?", watakubaliana na sauti kubwa kuliko zote. Uliza mmoja mmoja, na uliza vitu vidogo. Hicho kiti mnakijua? Hiyo nyumba ya nyuma ni picha iliyochorwa kwenye pazia la studio ama ni ya kweli? Nani alikuwa na saa ya mkono wakati huo?

Anti alikuwa sahihi tangu mwanzo. Na yule mtoto wa kwenye mapaja ana miaka sitini sasa na anaishi Nakuru. Hakuwa na picha yoyote ya utotoni.

Ile pasipoti ndogo iliyojipinga

Hapo baba ya rafiki yangu angerudi nyumbani mikono mitupu, kama mzee wa chumba cha giza hangeomba mkebe wote. Chini kabisa kulikuwa na pasipoti ndogo, ya kichwa na mabega tu, ambayo watu waliipuuza kwa sababu ilionekana "mpya".

Na kweli karatasi ilikuwa ya plastiki, yaani si kabla ya miaka ya 1970. Lakini mwanamume aliyekuwa ndani alivaa koti la kola pana sana. Kila mtu akasema, basi, kola pana, plastiki, ni mtu wa 1975, tuendelee.

Hapa ndipo mtu anapotegwa, kwa sababu kola pana zilikuwepo mara mbili: miaka ya 1940 hadi mwanzo wa 1950, na tena miaka ya 1970. Unatofautisha kwa vitu vinavyoizunguka. Kijana wa 1975 mwenye koti pana angekuwa na kola ya shati ndefu iliyochongoka, mara nyingi imelala juu ya koti, na angekuwa na nywele nyingi kichwani. Huyu alikuwa na shati la kola ndogo lililofungwa hadi shingoni, mabega ya koti yamejazwa, nywele zimekatwa chini kabisa, na laini ya wembe. Mavazi yalisema mapema 1950. Karatasi ilisema 1970 kwenda mbele. Vyote viwili haviwezi kuwa uongo.

Jibu ni kwamba ilikuwa picha ya picha. Mtu alipeleka picha kuukuu studio, fundi akaipiga picha upya na kuichapa kwa karatasi mpya. Zamani ilikuwa kazi ya kila wiki, hasa mtu akifa na jamaa wote wanataka nakala.

Unajuaje? Pitisha kidole polepole. Kulikuwa na mstari wa mkunjo unaokata shavu, lakini kidole hakikuhisi chochote. Mkunjo ulikuwa umechapwa, haukuwa kwenye karatasi yenyewe. Pia nyeusi zilikuwa nyeusi tii na nyeupe zilikuwa zimekufa, maelezo ya katikati yamepotea, kama vile fotokopi ya fotokopi. Na kwenye pembe ya chini, ukivuta karibu, kulikuwa na kipande cha duara chenye herufi zilizokatika. Muhuri. Nao pia ulikuwa umechapwa ndani ya picha.

Muhuri unaopanda juu ya pembe ya picha ni dalili ya hati ya serikali. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wengi wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru kubeba vitambulisho vyenye picha. Kwa hivyo hadithi inayokaa vizuri zaidi ni hii: picha ilipigwa kwa ajili ya hati, mapema au katikati ya miaka ya 1950, na baada ya 1970 mtu fulani, pengine shosho mwenyewe, aliibandua na kuipeleka studio ili isipotee. Ya asili haipo. Nakala ndiyo hii.

Ndugu mdogo, katikati ya miaka ya 1950, alikuwa kijana wa miaka kumi na tano hivi. Aliye kwenye hiyo pasipoti ni mtu mzima wa miaka ishirini na tano au zaidi, mwenye makunyanzi mawili katikati ya nyusi. Ndugu mdogo ametoka. Shosho hakuwa na kaka, na wanaume wengine wa boma hilo wa umri huo ni wawili tu, ambao picha zao zipo na masikio yao hayafanani kabisa na haya.

Je, huo ni uthibitisho? La. Ni orodha ya watu iliyopunguzwa hadi ikabaki mmoja, kwa masharti kwamba familia haijasahau mtu. Kama shosho alimhifadhia rafiki picha, hesabu yote inaanguka, na lazima useme hivyo.

Mzee wetu wa 1955 aliishika hiyo pasipoti kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza kama inaweza kukuzwa bila kuharibika. Kwenye kijitabu iliwekwa na maneno manne chini yake: "Tunaamini huyu ni babangu." Alikataa kuondoa "tunaamini".

Andika kabla hujaweka chini

Ukimaliza kazi kama hii, andika jibu palipo picha. Tumia penseli laini, nyuma, karibu na ukingo, picha ikiwa imelala kwenye kioo au meza ngumu ili maandishi yasitokeze mbele. Biro hupenya na huchubua. Kwenye karatasi ya plastiki penseli ya kawaida huteleza, kwa hivyo andika kwenye karatasi nyingine na uziweke pamoja ndani ya bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, maana hushika unyevu na picha hugandana. Piga picha pande zote mbili kwa simu, mbele na nyuma, hata kama nyuma ni tupu.

Na usiandike jina peke yake. Andika na sababu, ili anayekuja baada yako aweze kukupinga akiwa na kitu mkononi. Nyuma ya picha ya watu watatu sasa pameandikwa hivi: "Karatasi inawaka, kuanzia 1950. Gauni na nywele, 1963 hadi 1969. Mtoto, mwaka 1 hivi. Huenda 1966, kama si hivyo 1969. Mume amethibitishwa na anti, aliyeulizwa peke yake."